Tumeamua: Mimi na Nani?

Swali lilinifikia saa moja asubuhi, nikiwa Ruiru nangoja maji ya chai yachemke. Kule Koimbatore ilikuwa saa tatu na nusu, na mwenzangu alikuwa ameshaanza kazi. Aliandika hivi: "Sentensi ya tatu. Huyu 'sisi' ni sisi pamoja na wafanyakazi, au ni sisi bila wafanyakazi?"

Nilisoma mara mbili. Kisha nikafungua tafsiri yangu ya Kiswahili ya tangazo lile lile, niliyoimaliza jana yake bila kutoa jasho, nikatafuta mahali nilipojibu swali hilo. Sikupaona. Nilikuwa nimeandika "tumeamua" nikapita zangu.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema ilikuwa na kiwanda upande wa Thika na kingine kusini mwa India, na makao makuu kwingine kabisa ambako matangazo huandikwa kwa Kiingereza. Tangazo likishaandikwa, mimi nalitia Kiswahili na yeye analitia Kitamil. Hatujawahi kuonana. Ila tulikuwa tumeshataniana kwamba miji yetu ni ndugu: Thika wazee waliibandika jina la Birmingham ya Kenya, nayo Koimbatore inaitwa Manchester ya India Kusini. Ndugu wa majina ya kuazima, lakini ndugu.

Tangazo la siku hiyo lilikuwa la ukurasa mmoja. Zamu ya usiku ilikuwa inafungwa, kwetu na kwao.

Sasa, ili uelewe swali la yule dada, fikiria umemkaribisha mgeni kwako Kimbo. Mmeketi, stori zimenoga, halafu unatamka, "Leo tunakula saa mbili." Mgeni afanye nini? Kwa Kiswahili hana uhakika. Huenda amealikwa. Huenda umemwambia kwa adabu kwamba ikifika saa mbili kasorobo aanze kutafuta viatu. Itabidi achungulie jikoni ahesabu sahani.

Mgeni wa Kitamil hachungulii. Lugha yake ina "sisi" mbili. Moja ni *naam*, yaani mimi na wewe ninayekuambia, na wengine wakiwepo. Ya pili ni *naangal*, yaani mimi na wenzangu, wewe haumo. Ukisema *naam*, mgeni ananawa mikono. Ukisema *naangal*, anaaga. Hakuna ya tatu ya katikati. Na "yetu" nayo inafuata mkondo huo: *nam* au *namadhu* ni yetu sote tunaozungumza, *engal* ni yetu sisi, si yako.

Kinachopima hapa si upendo wala ukaribu. Ni jambo moja tu: je, anayeambiwa yumo? Wakristo wa Kitamil wanaposali Baba Yetu, hiyo "yetu" ni *engal*, ile inayomweka nje msikilizaji. Mara ya kwanza nilipoambiwa nilishangaa, kisha nikacheka peke yangu. Bila shaka ni hivyo! Anayeambiwa ni Mungu mwenyewe. Ukisema *nam*, umemfanya Mungu kuwa mtoto wa huyo Baba pamoja nawe.

Wala jambo hili halikuja kwetu kwa barua pepe tu. Kigujarati, lugha ya familia nyingi zenye maduka na viwanda hapa nchini, kina mgawanyo huo huo: *apne* ni sisi na wewe, *ame* ni sisi bila wewe. Kwa hiyo katika ofisi za Thika kuna watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiichagua "sisi" kila wanapofungua kinywa nyumbani, halafu wakigeukia Kiswahili kuongea nasi wanakuta mlango mmoja tu.

Sisi tunao upenyo mdogo. Konda akimwambia dereva "twende", ni wawili hao. Mtu akiwaambia marafiki zake "twendeni", hiyo *-ni* inawahesabu walioambiwa: mko wengi, na mmo. Hapo Kiswahili kimechora mpaka. Lakini kinauchora wakati wa kuhimiza tu. Huwezi kusema "tumeamuani". Hata "sisi sote" haitoi hakikisho, maana mkurugenzi anaweza kusimama mbele ya wafanyakazi mia tatu na kusema, "Sisi sote kwenye bodi tunawashukuru," na sote yake ikawa watu saba.

Turudi kwenye tangazo. Nitalisimulia kwa Kiswahili, maana kila sentensi ilikuwa na tabia yake.

Lilianza: mwaka uliopita tulivuka malengo yetu. Hapo mwenzangu hakuuliza kitu. Malengo yalivukwa na waliokuwa kwenye mashine pamoja na waliokuwa kwenye viti, kwa hiyo *naam*, na malengo ni *namadhu*. Sentensi ya pili: tunawashukuru kwa bidii yenu. Hapo pia hakuuliza, ingawa jibu ni kinyume. Sentensi yenye "sisi" upande mmoja na "ninyi" upande wa pili imeshajigawa yenyewe. Anayeshukuru hawezi kuwa ndani ya anayeshukuriwa. *Naangal*. Angeandika *naam*, wafanyakazi wangekuwa wanajishukuru wenyewe kwa barua ya kampuni.

Ona kilichotokea. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili, wafanyakazi walikuwa ndani, wakatolewa nje. Kwa Kiingereza hawakusikia mlango. Kwa Kiswahili changu pia hawakusikia: tulivuka, tunawashukuru, "tu" na "tu". Kwa Kitamil mlango unalia.

Sentensi ya tatu ndiyo hiyo ya swali: baada ya kutafakari kwa kina, tumeamua kufunga zamu ya usiku. Nilimjibu haraka, "Ni usimamizi walioamua, kwa hiyo bila wafanyakazi." Akaniandikia kwamba hata yeye anadhani hivyo, lakini wateja wengine hawataki kusikia *naangal* kwenye barua ya ndani. Wanasema inasikika baridi, kama kampuni inajitenga. Na kweli inaweza kuwa baridi pasipo sababu. Ukiwaandikia wafanyakazi *engal niruvanam*, "kampuni yetu" kwa ile yetu ya kuwatoa nje, umewafukuza kabla hujafika kwenye habari yenyewe. Kwao inapaswa kuwa *namadhu niruvanam*. Maneno hayo hayo kwenye tovuti, akisoma mpita njia, yanageuka: ule ukurasa wa "kutuhusu" kwa Kitamil huandikwa kwa *engal-*, kwa sababu msomaji ni mgeni.

Hapa ndipo kazi huharibika sana, na haiharibiki kwa ujinga wa mtu. Programu tunazotumia huweka kumbukumbu ya kila sentensi iliyowahi kutafsiriwa. Sentensi "tunawajali wateja wetu" ikijitokeza tena miezi sita baadaye, programu inaijaza yenyewe na kusema imelingana kwa asilimia 100. Kwa Kiingereza imelingana kweli. Lakini mara ya kwanza iliandikiwa wafanyakazi, wateja wakawa *nam*, na mara hii inakwenda kwa wateja wenyewe. Sasa mteja anasoma barua inayomwambia kwamba yeye ni mmoja wa wanaojali wateja. Mwenzangu ana dawa yake: kabla ya kukabidhi anatafuta kwenye faili maneno yote yanayoanza na *nam-* na yote yanayoanza na *eng-*, kisha anasoma sentensi hizo tu, moja moja, akijiuliza ni nani ameshika karatasi. Ndiyo maana katika jedwali la maswali analonitumia, safu ya kwanza haiulizi maana ya neno. Inauliza: nani anasoma?

Sentensi ya nne ilikuwa mbaya zaidi. Katika kipindi hiki kigumu, tutahitaji kujifunga mkanda. Hapa kujua nani anasoma hakukutosha. Ilibidi tujue jambo lililo nje kabisa ya lugha: je, mishahara ya wakubwa nayo inapunguzwa? Ikiwa ndiyo, *naam*, bila wasiwasi. Ikiwa sivyo, basi sentensi hiyo haina "sisi" yoyote ya kweli. *Naam* ni uongo, kwa kuwa bosi hayumo kwenye mkanda. *Naangal* ni uongo mkubwa zaidi, kwa kuwa ingemaanisha wakubwa wanajifunga na wafanyakazi hawaguswi. Kiwakilishi cha kweli ni "ninyi". Niliangalia lile neno la Kiingereza kwenye kioo, herufi mbili tu, *we*, na kwa mara ya kwanza nikalisoma kwa Kiswahili cha mtaani. We! Yaani wewe. Nikafikiri, sawa kabisa, wameandika walichomaanisha.

Nilimwandikia mteja. Niliuliza kwa upole kama hatua za kubana matumizi zinahusu ngazi zote. Jibu lilikuja mchana: hapana, zinahusu viwanda tu, na tafadhali tafsiri kama ilivyo, tone ibaki ya umoja.

Tafsiri kama ilivyo. Watu husema hivyo kana kwamba kuna ilivyo moja. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliweka vizuri mwaka 1959: lugha hazitofautiani sana katika yale zinazoweza kusema, bali katika yale zinazokulazimisha kusema. Sisi tunalijua hili kutoka upande wa pili. Andika kwa Kiswahili "daktari alinipigia, akasema atakuja", kisha mwombe mtu aitie Kiingereza. Atakuuliza daktari ni mwanamume au mwanamke, nawe utashangaa kwa nini anataka kujua. Hatafuti umbea. Sarufi yake imemshika kola. Yule dada wa Koimbatore naye hakuwa akifanya siasa. Alikuwa ameshikwa kola na sarufi, akaja kuniuliza mimi niliyeachwa huru.

Nilijaribu kumtetea mwandishi wa Kiingereza, kwa kuwa haki ni haki. Nilijiambia: yeye hakusema "bila wafanyakazi". Hakusema "pamoja na wafanyakazi" pia. Aliacha wazi, na kuacha wazi ni haki ya mwandishi. Mtafsiri akichagua *naangal*, ameongeza habari ambayo haikuwemo. Hoja hiyo ina nguvu kwenye shairi. Kwenye barua ya kufunga zamu ya usiku, naiona dhaifu, kwa sababu uamuzi una mwenyewe. Aliyeuchukua anajulikana, siku ya kikao inajulikana, saini ipo. Kilichoachwa wazi ni maandishi tu, jambo lenyewe halikuwa wazi hata kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, kinachoshughulikia kupunguza wafanyakazi, haina habari ya "sisi". Inasema mwajiri. Mwajiri atoe notisi, mwajiri alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi. Wanasheria wanajua kwamba mahali penye deni hapafai kuwa na kiwakilishi kinachoteleza.

Lakini kuna upande mwingine unaonitatiza mpaka leo. Labda *naam* si taarifa tu, labda ni mwaliko. Mzazi akimwambia mtoto "sisi hatupigi watu", na mtoto ametoka kumpiga mwenzake sasa hivi, mzazi hadanganyi. Anamwita ndani. John Mbiti, mtoto wa Kitui, alifundisha Makerere na mwaka 1969 akachapisha kitabu kilicholipa wazo la Kiafrika umbo ambalo kila mtu sasa analijua: kwamba mtu yupo kwa kuwa jamii yake ipo. Nilimuuliza mwenzangu angelitia Kitamil kwa "sisi" ipi. Akauliza, kama kawaida yake, nani anasoma? Akisoma Mzungu wa kuambiwa habari za Waafrika, *naangal*. Akisoma kijana wa Machakos, *naam*. Na akisoma yeye, Mtamil? Alikaa kimya kidogo kisha akaandika kwamba angependa *naam*, lakini mwandishi ndiye wa kumkaribisha, yeye hawezi kujikaribisha.

Nadhani tofauti iko hapo. Mwaliko hutolewa kabla, na aliyealikwa anaweza kukataa. Mzazi anapomwita mtoto ndani ya "sisi", mtoto anapata kitu: nyumba, jina, chakula. "Tumeamua" ya tangazo inamwita mfanyakazi ndani ya kikao kilichokwisha, ambako kitu pekee kilichobaki mezani ni lawama ya kugawana. Hakuna anayealikwa kula sahani zikishaoshwa.

Basi tulifanyaje? Mwenzangu alikuwa na njia tatu, na ninazisema kwa sababu hakuna iliyo safi. Angeweza kuweka *naangal* na kuvumilia baridi. Angeweza kukwepa kiwakilishi, kwa kuwa Kitamil, kama Kiswahili, kinaweza kukiacha: *mudivu seydhom*, tuliamua, na mwisho *-om* unasema "tu" bila kubagua, uwe *naam* au *naangal*. Au angeweza kutaja jina la mwenye jambo, *nirvaagam*, usimamizi. Kwenye sentensi ya tatu alichagua hilo la mwisho: usimamizi umeamua. Kwenye ya nne, ya mkanda, alijificha ndani ya kitenzi. Aliniambia hivyo hivyo, kwamba amejificha. Msomaji makini angeona kwamba barua nzima ina viwakilishi isipokuwa hapo, na angejua kuna mtu aliyepita kwa kunyata. Alitumaini watakuwepo wasomaji makini.

Sentensi ya mwisho ya tangazo ilikuwa: sisi ni familia moja. Hapo aliandika *naam* bila kuniuliza. "Hata kama si kweli?" nikamuuliza. Akasema sentensi hiyo haina namna nyingine. Ukiandika *naangal*, maana yake ni kwamba wakubwa wao ni familia, ninyi wengine mnaambiwa tu. Akaongeza alama ya kucheka.

Mimi nikarudi kwenye Kiswahili changu. Nilifuta "tumeamua" nikaandika "usimamizi umeamua". Neno moja. Kwenye mkanda niliandika "hatua za kubana matumizi zitahusu wafanyakazi wa viwandani", jambo ambalo, nakiri, lilikuwa zaidi ya tafsiri, lakini ndilo mteja mwenyewe alilokuwa amenijibu. Mhakiki wa mteja alirudisha vyote viwili siku hiyo hiyo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: chanzo kinasema "sisi". Kwa Kitamil hawakurudisha chochote. Hawakuwa na mtu wa kusoma Kitamil.

Kwa hiyo Thika walibandikiwa "tumeamua", na Koimbatore wakabandikiwa "usimamizi umeamua". Tangazo moja, siku moja.

Jirani yangu wa mlango wa pili hufanya kazi upande ule. Kwake sijawahi kusema ninafanya kazi gani hasa, "mambo ya kompyuta" inatosha. Jumamosi hiyo nilimkuta kwenye ngazi akiwa na simu mkononi, amepiga picha ya ubao wa matangazo. Akanionyesha.

"Hebu soma hapa," akasema. "Tumeamua. Mimi hiyo wiki yote nilikuwa zamu ya usiku. Mchana nilikuwa nimelala. Sasa niliamua saa ngapi?"

Nilisoma picha kana kwamba ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona maneno hayo.

"Labda hiyo 'tu' si wewe," nikamwambia.

"Na hii ya mkanda?"

Maji yalikuwa yamepotea tangu Alhamisi, kila mmoja alikuwa amebeba mtungi. Nikaweka wangu chini, nikaanza kumweleza kwamba kuna lugha moja India ambayo ina sisi mbili.